Mfungwa aliyepiga hesabu za enzi za barafu

Mwaka 1914 Milutin Milanković, mwalimu wa chuo kikuu kule Belgrade, alikuwa ametoka tu kuoa. Akaenda na mkewe Dalj, kijiji alikozaliwa, ambacho kilikuwa chini ya Austria-Hungaria. Vita ikaanza akiwa huko huko. Kwa kuwa alikuwa raia wa Serbia, akakamatwa na kufungwa Osijek. Mizigoni alikuwa na makaratasi yake ya hesabu, basi akayatoa akaendelea. Baadaye wasomi waliomfahamu wakamwombea, akahamishiwa Budapest: haruhusiwi kuondoka mjini, anaripoti polisi, ila maktaba anaingia. Hapo alikaa mpaka vita ilipoisha.

Alikuwa anatafuta nini? Kwamba dunia iliwahi kufunikwa na barafu nene kaskazini, tena zaidi ya mara moja, hilo lilishajulikana. Swali lilikuwa kwa nini barafu inakuja na kuondoka.

Dunia haizunguki jua vilevile siku zote. Njia yake inabadilika polepole, mara karibu duara, mara yai kidogo, kwa miaka kama 100,000. Mwinamo wake unapanda na kushuka kati ya nyuzi 22 na 24 na nusu, kwa miaka 41,000. Halafu inayumba kama pia inayotaka kuanguka. Sasa hivi tunalikaribia jua mwezi wa kwanza. Baada ya miaka kama 11,000 itakuwa mwezi wa saba.

Sasa, wengi tungesema barafu inaletwa na baridi kali. Hata James Croll, Mskoti aliyemtangulia, alitazama majira ya baridi. Lakini kaskazini theluji inaanguka kila mwaka, hiyo siyo habari. La muhimu ni kama kiangazi kinaiyeyusha yote. Kikiwa cha ubaridi, inabaki kidogo, mwaka unaofuata inaongezeka juu yake, na weupe wake unarudisha mwanga wa jua angani, baridi inazidi. Wladimir Köppen, mtaalamu wa hali ya hewa, ndiye aliyemshauri atazame kiangazi. Milanković akapiga hesabu ya jua la kiangazi kwa miaka 650,000 nyuma, kwa mkono, kalamu na karatasi tu!

Alifariki 1958 wengi wakiwa bado hawajakubali. Mwaka 1976 Hays, Imbrie na Shackleton walichunguza matope yaliyochimbwa chini ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini. Ndani yake kuna magamba ya viumbe wadogo sana, na oksijeni iliyomo humo inaonyesha barafu ilikuwa nyingi kiasi gani. Mapigo waliyoyakuta: miaka 100,000, 42,000 na 23,000.

Ila kuna fundo moja halijafunguka. Lile pigo la 100,000 ndilo kubwa kuliko yote matopeni, wakati mabadiliko ya umbo la njia yanagusa joto la jua kidogo mno. Tena zamani, zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, barafu ilikuwa inafuata 41,000. Kwa nini ilibadili mwendo, wataalamu bado wanabishana.