Mawanda ya Idhini: Kifuatiliaji cha Muziki Kinaruhusiwa Kufanya Nini?

Msikilizaji wa Spotify anayetaka kumbukumbu ya kila wimbo anaoupiga anaweza kuunganisha akaunti yake na kifuatiliaji kama Last.fm. Akibonyeza kitufe cha kuunganisha, hupelekwa kwenye ukurasa wa Spotify na kukubali akiwa huko huko, kwa hiyo nenosiri lake haliifikii Last.fm. Kinachofika ni tokeni, hati ya kielektroniki inayomruhusu aliye nayo kufanya mambo yaliyotajwa tu. Eneo la mambo hayo naliita mawanda ya idhini. Wapo wanaosema upeo, lakini upeo hunipeleka kwenye kilele, ilhali hapa tunahitaji neno la eneo lenye mipaka, kama tunaposema mawanda ya utafiti.

Mipaka hiyo inasomeka. Kabla ya kukubali, tazama anwani iliyo juu ya kivinjari. Mara nyingi utaona kipande kama hiki:

```
scope=user-read-recently-played%20playlist-modify-private
```

Alama `%20` ni nafasi tu kati ya idhini mbili. Ya kwanza humruhusu mwombaji kusoma nyimbo ulizosikiliza karibuni, na hiyo ndiyo kazi ya kifuatiliaji. Ya pili humruhusu kubadilisha orodha zako za faragha. Kifuatiliaji kinachohesabu nyimbo tu hakina haja nayo, na kikiiomba bila kueleza sababu, mimi nisingekubali. Huwezi kukubali moja na kukataa nyingine: unapokea zote au unaghairi.

Tokeni ya Spotify hudumu saa moja. Hata hivyo kifuatiliaji hupewa pia tokeni ya kuhuishia, ambayo hukiwezesha kuomba tokeni mpya bila kukuuliza tena. Ndiyo maana programu uliyoijaribu zamani na kuisahau inaweza kuwa bado inasoma unachosikiliza. Kuifuta kwenye simu hakutoshi, kwa kuwa idhini haikai kwenye simu, imeandikwa katika akaunti.

Kuitengua, fungua `spotify.com/account/apps` kwenye kivinjari, tafuta jina la programu, kisha bonyeza `Remove access`. Utajua imefanikiwa jina likitoweka kwenye orodha, na baadaye nyimbo mpya zikikoma kuonekana kwenye kifuatiliaji. Usishtuke zikiendelea kwa muda mfupi, maana tokeni iliyokwisha kutolewa inaweza kumalizia saa yake.

Lakini kutengua hakurudi nyuma. Hufunga njia ya kusoma mapya, ila yaliyokwisha kunakiliwa yanabaki kwenye hifadhi ya kifuatiliaji, na Spotify haina mamlaka ya kuyafuta huko. Ukitaka yaondoke, ingia kwenye akaunti ya kifuatiliaji chenyewe uyafute, au ufunge akaunti hiyo kabisa.