Madesa ya Geita na mistari miwili ya Profesa Pauk

Wadau, pepa ya historia inanukia, na madesa ya lekcha ya uchimbaji madini yapo kama alivyoongea mwalimu: mbio mbio, kurasa 4, hayana kichwa wala miguu. Leo nimeyahamishia kwenye mtindo wa Cornell.

Mtindo huu ni wa Walter Pauk, aliyefundisha stadi za kusoma Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kuueneza kwa kitabu chake cha mwaka 1962. Chukua karatasi ya A4. Piga mstari wa kusimama sentimita 6 toka kushoto, na wa kulala sentimita 5 toka chini. Kulia nondo, kushoto maswali, chini muhtasari. Unajaza kwa mpangilio huohuo.

Kulia sinakili lekcha nzima. Kurasa zile 4 zimebaki hoja hizi: Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwaka 1898. Mgodi wa kikoloni ulifanya kazi 1936 hadi 1966. Sheria ya 1979 iliruhusu wananchi kumiliki vitalu vidogo. Sheria nyingine ya 1998 ilivuta kampuni kubwa, na mgodi mkubwa mpya ukaanza 2000. Kule Rwamgasa wachimbaji wadogo waliendelea na duara, karasha, mwalo na zebaki. Kati ya hoja na hoja naruka mistari miwili, maana lazima kuna nilichosahau.

Kushoto ndipo watu wengi wanapochemsha. Wanaandika "Mgodi ulifungwa lini?" Jibu ni namba moja, 1966, basi. Mimi nimeandika: "Kama mgodi ulifungwa 1966, kwa nini uchimbaji haukufa?" Hapo lazima uunganishe hoja mbili: sheria ya 1979 ilifungua mlango, na zana zenyewe ni za bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Kipimo ni rahisi: funika upande wa kulia. Ukijibu kwa neno moja, swali lako ni jepesi. Ukishindwa kabisa na nondo zako nazo hazina jibu, hoja imeachwa wakati wa kuhamisha, rudi kwenye daftari.

Muhtasari unaandikwa mwisho, kulia kukiwa bado kumefunikwa, sentensi mbili tu. Wangu: "Dhahabu ya Geita imechimbwa na wakubwa na wadogo kwa zamu, na baadaye kwa pamoja. Kila sheria ilibadilisha nani anaruhusiwa, lakini mchimbaji mdogo hakuondoka." Ukiona muhtasari umejaa miaka tupu, ujue umenakili, hujafupisha.

Ubaya wake ni muda, kurasa 4 zimenila saa nzima na ushee. Kwa hiyo usihamishe kila somo, hamisha yale ya kujieleza. Orodha za tarehe ziache zilivyo.

Haya, bado lekcha ya pamba ya Shinyanga. Tutaonana baada ya pepa.