Picha ya mbele, kichwa na sekunde za kwanza: video ya dhahabu ya Luhihi inafundisha nini chaneli za Kivu Kusini

Mwezi wa pili mwaka 2021, habari za udongo wenye dhahabu nyingi zilienea Luhihi, wilayani Kabare, karibu kilomita 50 kutoka mji wa Bukavu. Watu wakamiminika toka pande zote. Tarehe 1 mwezi wa tatu, waziri wa migodi wa mkoa, Venant Burume, alitia sahihi agizo la kusimamisha uchimbaji, na wachimbaji, wafanyabiashara na askari wakatakiwa kuondoka.

Siku zilezile video fupi ilianza kuzunguka duniani. Inaonyesha kundi la watu wakichimba mlimani kwa sepeto, wengine kwa mikono mitupu, kisha mtu anaosha udongo na punje za dhahabu zinaonekana. Picha hizo zilikuwa za kweli. Lakini zilipopita mkono hadi mkono, zilivikwa kichwa kipya: eti mlima mzima umejaa dhahabu. Mchimbaji yeyote wa Luhwindja anajua hilo haliwezekani. Hata katika mgodi wa Twangiza, wenye mashine kubwa, dhahabu huhesabiwa kwa gramu chache katika tani moja ya mawe. Tena video haikutaja tarehe wala agizo la waziri. Aliyeiona baadaye angeweza kutumia franga zake kufunga safari kwenda mahali palipokwisha kufungwa.

Mbona video ile ilishika watu hivyo? Sekunde za kwanza zilikuwa na nguvu: hakuna muziki wala salamu, mtazamaji anakuta mikono na udongo papo hapo. Ubaya ulikuwa kwenye kichwa. Mambo haya mawili yana historia yake.

YouTube ilipoanza mwaka 2005, mwenye video hakutengeneza picha ya mbele, yaani ile picha ndogo ambayo watu huibonyeza ili video ifunguke. Mtambo wenyewe ulikata picha kutoka ndani ya video, na mara nyingi ilikuwa ile ya katikati. Wajanja walipogundua hilo, walipachika katikati ya video picha ya kuvutia isiyohusiana na habari, hata kwa nukta moja tu. Ilikuwa na faida kwao, kwa sababu wakati huo video ilihesabiwa kwa mara ilizobonyezwa. Mtu akibonyeza, akaona amedanganywa na kutoka, bado alihesabiwa.

Mwaka 2012 hesabu ilibadilika. YouTube ilianza kutanguliza muda ambao watu wanabaki wakitazama. Tangu hapo, picha ya mbele na kichwa vimekuwa kama ahadi, na sekunde za kwanza ndizo zinazoonyesha kama ahadi ni ya kweli. Ahadi ikivunjwa watu hutoka, na mtambo hupunguza kuionyesha video hiyo kwa wengine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mvua imekata barabara ya kwenda Luhwindja, na chaneli ndogo inataka kutoa habari. Video inaonyeshwa mara 2,000 kwenye simu za watu. Ikiwekwa kichwa «Maafa makubwa Luhwindja!», pengine watu 8 katika 100 watabonyeza, yaani 160. Lakini wakikuta barabara tu, na baada ya sekunde 30 wamebaki 20 katika 100, watazamaji waliobaki ni 32. Ikiwekwa kichwa «Barabara ya Luhwindja imekatika: magari yanaishia wapi», pengine watabonyeza 5 katika 100, yaani watu 100. Wakibaki 60 katika 100, waliobaki ni 60. Kichwa chenye kelele kilileta watu wengi zaidi mlangoni, lakini chenye ukweli kimebakiza karibu mara mbili.

Kichwa hicho cha pili kinaanza na jina la kitu na mahali kwa makusudi. YouTube inakubali herufi hadi 100, lakini simu hukata kichwa kirefu, kwa hiyo neno muhimu likikaa mwishoni halionekani. Neno «leo» pia halifai, maana kesho litakuwa uongo. Iandikwe tarehe, mwezi na mwaka.

Picha ya mbele hutengenezwa kwa upana wa 1280 na urefu wa 720, lakini mkaaji wa Bukavu au mhamishwa wa vita ataiona ikiwa ndogo kwenye simu. Kwa hiyo ibebe kitu kimoja: pale barabara ilipokatika, na gari lililosimama kando ili mtu aone ukubwa wa shimo. Maneno juu yake yawe mawili au matatu, kwa herufi nene, na yasiwekwe pembe ya chini kulia, kwa sababu hapo YouTube huandika urefu wa video. Picha iwe ya tukio lenyewe, si ya mafuriko ya mwaka mwingine. Nyuso za wahamishwa na watoto zisiwekwe hapo. Mtu aliyekimbia ana sababu za kutotaka kutambuliwa, na picha ya mbele huonekana hata na wale wasiofungua video.

Sekunde za kwanza ndizo zinazowashinda wengi waliotoka redioni. Redioni muziki wa kipindi na salamu humpa msikilizaji nafasi ya kusogea karibu na kupandisha sauti. Kwenye video, aliyebonyeza amekwisha fika, na anatumia mega alizonunua. Sekunde tatu za kwanza zionyeshe barabara iliyokatika, na sauti ya maji isikike. Mpaka ya kumi, msemaji ataje mahali, tarehe na jambo lenyewe: magari yanaishia hapa, wenye miguu wanapita. Kisha asemwe nani atakayesikika na atajibu nini. Jina la chaneli na salamu vifuate baadaye, kwa ufupi.

Kuna sababu nyingine ya kutaja mahali na tarehe kwa mdomo. Familia nyingi zilizohama hazioni video kwenye YouTube. Ndugu huipakua na kuituma kwa WhatsApp, na hapo kichwa na picha ya mbele hubaki nyuma. Ndivyo video ya Luhihi ilivyopata kichwa cha uongo: ndani yake hakukuwa na sauti ya kuikatalia.

Mwenye chaneli anaweza kujua alipokosea. YouTube Studio humwonyesha mstari wa watazamaji waliobaki kila sekunde. Mstari ukianguka ghafla mwanzoni kabisa, ama kichwa kimeahidi kisichokuwemo, ama muziki ni mrefu. Kama wanaobonyeza ni wachache lakini wakiingia wanabaki, habari ni nzuri, picha au kichwa ndicho dhaifu. Video iliyoonyeshwa mara mia mbili tu haitoshi kutoa hukumu.

Barabara ikitengenezwa, kichwa na picha ya mbele hubadilishwa bila kugusa video. Lakini nakala zilizokwisha kuingia kwenye simu za watu hazibadiliki tena. Mama anayepanga kurudi na watoto ataongozwa na kile alichosikia katika zile sekunde kumi.