Taamuli katika Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Taamuli ni zoezi la kuielekeza akili kwenye jambo moja na kuirudisha kila inapotoroka. Garissa, Wajir na Mandera huijua zaidi kwa sura ya dhikri. Baada ya sala ya faradhi, muumini hutaja Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 33 au 34, akihesabu kwa vidole au tasbihi. Tarika ya Kadiria, ambayo Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909) aliieneza kusini mwa Somalia na hadi Zanzibar, ina pia halaka: watu hutaja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti, pumzi na mwili vikienda kwa mdundo mmoja. Wenye msimamo wa Kisalafi huiona halaka hiyo kuwa bidaa. Ubishi wao ni juu ya namna yake. Dhikri yenyewe hakuna anayeikataa.

Wakatoliki, wachache lakini wenye jimbo lao la Garissa tangu 1984, husali rozari. Hapo mdomo hutaja Salamu Maria kumi katika kila fungu, huku akili ikikaa kwenye tukio moja la maisha ya Yesu au Mariamu. Kwa mwenye dhikri neno ndilo analolishika. Kwa mwenye rozari neno humshikilia kwenye tukio. Wabuddha huweza kuacha maneno kabisa wakabaki na pumzi. Njia hiyo ndiyo aliyoitumia Jon Kabat-Zinn hospitalini Massachusetts mwaka 1979, akiitenga na ibada.

Zoezi la darasani kwa kidato cha tatu na cha nne linafuata njia hii ya mwisho, ili wa dini zote wakae pamoja. Huchukua dakika tano, na asubuhi ni bora. Alasiri ya Ramadhani darasa zima litasinzia. Mwalimu aseme polepole: “Kaeni wima, nyayo sakafuni. Tazameni dawati, macho yakiwa wazi. Acheni pumzi ijiendee. Kila ikitoka, hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, mpaka kumi, kisha rudi moja. Ukipotea, anza tena moja.” Kisha anyamaze.

Mwanafunzi anayejikuta kwenye kumi na saba ameiacha hesabu ijiendeshe, arudi moja. Anayehisi kizunguzungu huenda anavuta pumzi kwa nguvu, basi aache kuhesabu na apumue kama kawaida. Jambo la kuangaliwa zaidi ni hofu. Katika eneo lililoonja mashambulizi, likiwemo shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, ukimya na kufumba macho huweza kumrudishia mtu aliyoyaona. Ndiyo maana macho hubaki wazi. Anayeanza kutetemeka au kupumua haraka aache pumzi, asikilize sauti za nje au akanyage sakafu kwa nguvu, na aruhusiwe kutoka bila kuulizwa mbele ya wenzake. Hali ikijirudia, mwalimu ampeleke kwa mshauri wa shule badala ya kumrudisha kwenye zoezi.