Ukaguzi wa usalama kazini: Hoja isiyo na namba haifanyiwi kazi

Tuseme kiwanda chenu kina mitungi 40 ya kuzimia moto na una asubuhi moja tu ya kuikagua. Chagua 10, lakini chagua mwenyewe kwenye orodha: ghalani, jikoni, karakana. Ukimwachia msimamizi akuchagulie, utaonyeshwa ile mizuri tu.

Kwa kila mtungi, angalia kama mshale wa geji uko kwenye kijani, pini ipo, kadi ya ukaguzi imesainiwa na njia ya kuufikia haijazibwa. Piga picha.

Umekuta kadi 3 hazina saini? Usiandike "mitungi haitunzwi". Andika: "Kati ya mitungi 10, namba 7, 18 na 31 haina saini za Machi na Aprili; utaratibu wetu unataka ikaguliwe kila mwezi."

Kisha uliza kwa nini. Pengine mkaguzi alihamishwa na hakuna aliyekabidhiwa kazi yake. Hapo kusaini kadi 3 hakusaidii kitu. Ateuliwe mtu mmoja, akague yote 40, apewe na tarehe. Hoja usiifunge mpaka urudi uone saini za miezi miwili inayofuata.