Picha za Marejeo na Uteuzi wa Mtindo wa Uchoraji: Mfano wa Ngara na Biharamulo

Mchoraji anayekusudia kusimulia historia ya Ngara na Biharamulo kwa michoro hukutana na hazina ya picha isiyo na uwiano. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikapigwa picha na waandishi wa habari wa mataifa mengi. Picha hizo zikibandikwa ovyo kwenye ubao wa marejeo, buluu ya maturubai ndiyo itakayoamua mtindo, na hata mkulima wa zama za Wajerumani atachorwa kama mkimbizi.

Kwa hiyo kila picha iandikwe mwaka, mahali na mpigaji wake, kisha zipangwe kwa zama. Boma la Wajerumani la Biharamulo lipewe kundi lake. Picha za kikoloni zifundishe maumbo tu, kwa kuwa weusi na weupe wake ni wa kamera. Rangi zitafutwe katika udongo na migomba yenyewe. Hatimaye ubao utazamwe kwa mbali: zama moja ikizimeza nyingine, picha zake zipunguzwe. Mtindo ukishajaribiwa katika mandhari moja ya kila zama, ndipo wahusika wabuniwe.