Kwa nini pasipoti ambayo haijaisha hukataliwa, na wakati wa kuomba mpya

Nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, hutaka pasipoti ya mgeni iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda. Kanuni hii inawahusu wenyeji wa Chisenga wenye pasipoti ya Zambia na pia wakimbizi wa Mantapala wenye hati ya kusafiria ya wakimbizi.

Sababu ya kanuni

Mgeni anaweza kuugua, kukosa usafiri au kuongezewa muda wa kukaa. Hati yake ikiisha akiwa ugenini, ni vigumu kumrudisha alikotoka. Kwa mkimbizi jambo hili ni zito zaidi. Kiambatisho cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinaitaka nchi iliyotoa hati impokee tena mwenye hati wakati wowote kabla haijaisha. Ikishaisha, ahadi hiyo haimlindi tena.

Mara nyingi msafiri hukataliwa kabla ya kuondoka, kwenye kaunta ya shirika la ndege. Shirika likimpeleka mtu asiyekubaliwa, linaweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha.

Jinsi ya kuhesabu

Chukua mfano wa hati inayoisha tarehe 30 Novemba 2027. Rudi nyuma miezi sita: siku ya mwisho ya kuingia katika nchi yenye kanuni hii ni 30 Mei 2027. Mwenye hati akifika Dar es Salaam tarehe 5 Juni anaweza kukataliwa, hata kama anakaa wiki mbili tu.

Pasipoti ya miaka kumi hupoteza sehemu ndogo tu ya muda wake. Lakini kiambatisho cha Mkataba kinataja hati ya mkimbizi ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo hati ya mwaka mmoja inakufaa kwa miezi sita tu.

Kanuni si moja kila mahali. Nchi za Schengen huko Ulaya hutaka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kulipa nauli.

Lini uombe mpya

Kama pasipoti yako ni ya miaka mingi, anza miezi tisa kabla haijaisha. Katika mfano wetu, ni mwisho wa Februari 2027. Hapo una miezi mitatu ya kushughulikia maombi, pamoja na safari za mtumbwi kutoka kisiwani hadi Nchelenge. Kama hati yako ni ya mwaka mmoja, panga safari mara tu unapoipata.

Pata hati mpya kwanza, kisha uombe viza, kwa sababu namba ya hati huandikwa kwenye viza.

Mkimbizi aanzie Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Usiombe pasipoti ya nchi uliyoikimbia bila kupata ushauri kwanza: inaweza kuonekana umerudi chini ya ulinzi wake, na hadhi yako ya ukimbizi ikatiliwa shaka.